Kwa nini sabuni hukatika: maji magumu, ukoko wa birika na kule kalsiamu inakoishia

Anayefua kwa maji magumu huyajua kabla hajaambiwa. Sabuni inasuguliwa na kusuguliwa tena, povu halitoki. Maji yanaingia ukungu mweupe, kisha vinaanza kuelea vichengachenga kama vya maziwa yaliyokatika. Ukiyamwaga, beseni linabaki na utando wa kijivu unaonata kama nta, na nguo nyeupe ikikauka inakuwa kavukavu mkononi, na weupe wake umefifia.

Wengi huyaita maji haya maji ya chumvi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Chumvi ya kula nayo huipa sabuni shida ikiwa nyingi sana, lakini maji yanaweza kuwa magumu kabisa na ulimi usionje chumvi yoyote. Kinachoyafanya magumu ni kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka ndani yake. Nasema zilizoyeyuka kwa kukusudia. Hazimo kama vumbi wala tope, bali kama ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme zilizotawanyika moja moja katikati ya molekuli za maji. Ndiyo maana maji magumu huonekana safi kama kioo. Kuyachuja kwa kitambaa, kuyapitisha kwenye chujio la udongo au la mkaa, kuyatia shabu ili tope litulie, yote hayo hayaondoi ugumu. Tope lina chembe za kukamatwa. Ayoni hupita pamoja na maji.

Njia zote za kulainisha maji zinaeleweka ukishika jambo moja: kalsiamu haipotei. Haichomeki, haiozi, haigeuki mvuke. Kinachobadilika ni mahali inapoishia tu. Yaweza kuishia kwenye sabuni yako, chini ya sufuria, katika mashapo ya ndoo, au ndani ya mtungi wa kulainishia. Basi tuifuate.

Ilivyoingia majini

Mvua ikinyesha huchukua hewa ya ukaa kidogo angani, na maji yakipenya kwenye udongo huchukua nyingi zaidi, kwa kuwa mizizi na vijidudu vya udongoni vinapumua humo. Hewa hiyo ikiyeyuka hufanya asidi dhaifu. Sasa maji hayo yakikutana na mwamba wa chokaa, ambao ni kaboneti ya kalsiamu, asidi inaula mwamba polepole:

```
CaCO3 + H2O + CO2 → Ca(HCO3)2
```

Kaboneti ya kalsiamu yenyewe karibu haiyeyuki. Bikaboneti iliyo upande wa kulia huyeyuka. Kwa hiyo kilichoshikilia kalsiamu ndani ya maji ni ile hewa ya ukaa iliyojiunga nayo. Shika hilo, maana kuchemsha maji kunategemea hapo.

Kuna njia ya pili. Maji yakipita kwenye mwamba wa jasi, ambao ni salfeti ya kalsiamu, huiyeyusha moja kwa moja bila msaada wa hewa yoyote. Kalsiamu ni ileile na sabuni haioni tofauti, lakini moto huiona. Ugumu wa bikaboneti huitwa ugumu wa muda kwa sababu kuchemsha huuondoa. Ule wa salfeti, na wa kloridi pia, huitwa wa kudumu. Maji mengi ya ardhini yana yote mawili kwa pamoja.

Kinachotokea kwenye beseni

Sabuni ya kipande, ile inayotengenezwa kwa mafuta na magadi makali, ni chumvi ya sodiamu ya asidi za mafuta. Molekuli yake ina mkia mrefu wa kaboni unaokimbia maji na kupenda mafuta, na kichwa kidogo chenye chaji hasi kinachopenda maji. Ufuaji mzima unategemea tabia hiyo ya pande mbili: mikia inajichoma kwenye uchafu wa mafuta, vichwa vinabaki nje majini, na uchafu unabebwa.

Kichwa hicho huambatana na sodiamu, ambayo ina chaji chanya moja tu na humshika mwenzake kwa ulegevu. Ndani ya maji wawili hao huachana kwa urahisi, na sabuni huyeyuka. Kalsiamu ina chaji mbili. Ikitokea, hushika vichwa viwili kwa mpigo na haiachii. Vichwa vilivyokuwa vinapenda maji sasa vimefungwa katikati, na nje imebaki mikia inayoyakimbia. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kukaa majini. Kinajitenga kama chembe nyeupe za nta, nao ndio utando:

```
2 C17H35COONa + Ca2+ → (C17H35COO)2Ca + 2 Na+
```

Magnesiamu hufanya hivyohivyo. Angalia matokeo yake: sabuni iliyoingia kwenye utando haifui tena. Imekwisha kazi kabla haijagusa nguo. Na povu halitoki mpaka ayoni karibu zote za ugumu ziwe zimepata sabuni yao, ndipo sabuni inayoongezwa baada ya hapo inapoanza kubaki huru. Kwa hiyo anayesugua mpaka povu litoke amelainisha maji yake kikamilifu, ila ametumia sabuni kama dawa ya kulainishia, na hakuna dawa iliyo ghali kuliko hiyo.

Tufanye hesabu. Maabara hupima ugumu kwa miligramu kwa lita, kana kwamba wote ni kaboneti ya kalsiamu. Chini ya 60 kwa kawaida huhesabiwa maji laini, na kupita 180 huhesabiwa magumu sana. Chukua maji yenye 300, ambapo 200 ni ugumu wa muda na 100 ni wa kudumu. Ndoo ya lita 20 ya maji hayo ina gramu 6 za ugumu. Ukilinganisha uzito wa pande mbili katika mlinganyo ule wa sabuni, kila gramu 1 ya ugumu hula gramu 6 na kidogo za sabuni. Ndoo moja basi inameza gramu 37 hivi za sabuni tupu kabla ya povu la kwanza kudumu. Na kipande cha sabuni si sabuni tupu, kina maji na mengineyo ndani yake, kwa hiyo kinachosuguliwa kweli ni zaidi ya hapo.

Hasara haiishii kwenye sabuni. Utando ule unanata. Unaingia kati ya nyuzi za nguo na kukamata uchafu ambao ulikuwa umeshatoka, na ndio unaofanya nyeupe iwe kijivu. Kusuuza mara tatu kwa maji yaleyale magumu hakusaidii sana, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye nguo inakutana na kalsiamu mpya katika kila beseni la kusuuzia, na utando mwingine unatengenezeka ndani ya nguo yenyewe.

Sabuni za unga na za maji zinazotengenezwa viwandani kwa kemikali nyingine zina kichwa cha aina tofauti, ambacho kikishikwa na kalsiamu bado huyeyuka vya kutosha. Ndiyo maana hutoa povu hata kwenye maji magumu, ingawa nazo hupungua nguvu. Unga wa kufulia mara nyingi huwekewa pia kemikali ya kuikamata kalsiamu kwanza.

Moto unafanya nini hasa

Nimesikia mara nyingi kwamba kuchemsha hulainisha maji kwa sababu madini yanatoka na mvuke. Ni kinyume kabisa. Mvuke ni maji matupu, na madini hubaki nyuma. Kama kuchemsha kungekuwa ni kupunguza maji tu, yaliyobaki sufuriani yangezidi kuwa magumu.

Kinachotoka kwa moto ni hewa ya ukaa. Rudi kwenye mlinganyo wa mwamba na uusome kinyumenyume. Joto linaifukuza hewa, na bikaboneti ikishaipoteza inarudi kuwa kaboneti:

```
Ca(HCO3)2 → CaCO3 + H2O + CO2
```

Kaboneti haiyeyuki, kwa hiyo inajitenga. Sehemu hushuka kama unga mweupe, sehemu hujishikiza kwenye kuta na chini ya chombo, na baada ya majuma kadhaa unakuwa na ukoko mgumu ndani ya birika. Ule ukoko ni mwamba wa chokaa. Umeyeyushwa chini ya ardhi na kujengwa upya jikoni. Mapango yenye miiba ya mawe inayoning'inia darini yamejengwa kwa mlinganyo huohuo bila moto: tone linatoka mwambani, hewa yake ya ukaa inapotea pangoni, na chembe ya chokaa inabaki. Huenda hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika mada hii, kwamba birika na pango hufanya kazi moja, pango kwa maelfu ya miaka na birika kwa dakika chache.

Katika ndoo yetu, ugumu wa muda ni gramu 4, na hizo ndizo moto unaweza kuzitoa. Gramu 2 za salfeti hazishughuliki na moto hata ukichemsha kutwa, kwa sababu hazina hewa ya kupoteza. Kwa hesabu, maji yanatoka 300 hadi 100. Kwa kweli hubaki juu kidogo ya hapo, kwa kuwa kaboneti nayo huyeyuka kiasi kidogo sana, na kwa kuwa magnesiamu ni sugu zaidi. Kaboneti yake huyeyuka kuliko ya kalsiamu, hivyo haishuki vizuri mpaka maji yachemke kwa muda mrefu.

Namna ya kufanya ina uzito wake. Kuyafikisha maji mahali pa kutokota na kuepua mara moja huacha kazi nusu, kwa hiyo yaache yatokote dakika 5 hadi 10, chombo kikiwa wazi ili hewa ipate kutoka. Kisha yaache yatulie mpaka unga wote ushuke, halafu mimina maji ya juu polepole na uache mashapo chini. Ukiyatikisa na kuyamwaga yote pamoja umerudisha weupe ule ule kwenye beseni.

Kwa ndoo hiyo, sabuni inayopotea inashuka kutoka gramu 37 hadi 12 au zaidi kidogo. Lakini kuchemsha lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunataka karibu uniti 2 za umeme hata kama hakuna joto lolote linalopotea, na kwa kuni au mkaa upotevu ni mkubwa sana. Kwa maoni yangu kuchemsha maji kwa ajili ya kulainishia maji ya kufulia tu hakulipi. Kunafaa pale ambapo maji yanachemshwa kwa kazi nyingine, na ulainisho unakuja bure.

Ili ujue maji yako yana ugumu gani zaidi, huhitaji maabara. Kwangua sabuni ya kipande, si ya unga, uiyeyushe katika maji ya mvua yenye uvuguvugu. Chukua chupa tatu zinazolingana na utie kipimo kilekile cha maji katika kila moja: ya kwanza maji yako kama yalivyo, ya pili maji hayo yaliyochemshwa na kumiminwa, ya tatu maji ya mvua. Tia maji ya sabuni tone kwa tone, ukitikisa kila mara, mpaka povu lifunike uso wote na kudumu dakika mbili. Tuseme ya mvua imetaka matone 3, maji mabichi 30, yaliyochemshwa 12. Toa yale 3 ambayo hata maji laini huyahitaji, unabaki na 27 na 9. Moto umeondoa sehemu mbili kati ya tatu za ugumu, kama katika ndoo yetu. Kama namba za chupa mbili za kwanza zingekaribia kulingana, ungejua kwamba ugumu wako ni wa kudumu na kuni zako zinateketea bure.

Kuipa kalsiamu kitu kingine cha kushika

Kwa ugumu wa kudumu, kinachotakiwa ni kuleta kaboneti kutoka nje, na soda ya kufulia, kaboneti ya sodiamu, ndiyo inayoileta. Inayeyuka vizuri, inaachia kaboneti yake, kalsiamu inaikamata na kushuka kama chokaa. Sodiamu inabaki majini na haimsumbui mtu. Soda haichagui: inaondoa ugumu wa muda na wa kudumu pia. Kila gramu 1 ya ugumu inataka gramu 1 na kidogo ya soda kavu, yaani ndoo yetu nzima inataka gramu 6.4, badala ya gramu 37 za sabuni. Kama soda yako ni ya fuwele zinazong'aa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani, na hapo utahitaji kama gramu 17.

Watu hukosea hapa kwa namna mbili. Kosa la kwanza ni kutia soda na sabuni kwa pamoja. Kalsiamu huishika sabuni mara moja, huku chokaa ikihitaji muda kujitenga, kwa hiyo soda itangulie, ikorogwe, ingoje robo saa au zaidi, ndipo sabuni ifuate. Kosa la pili ni kutumia bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia mikate, kwa kudhani ni kitu kilekile. Hiyo inaleta bikaboneti, ambayo maji yako tayari yanayo, na kalsiamu inabaki ilipo. Ukizidisha soda ya kweli, maji yanakuwa makali kwa ngozi na huharibu sufu na hariri. Maji hayo si ya kunywa.

Kwa maji ya mji mzima kuna njia ambayo ukiisikia mara ya kwanza utadhani mtu amekosea. Mwaka 1841 mwanakemia wa Uskoti, Thomas Clark, alipata hataza ya kulainisha maji kwa kuyaongezea chokaa. Kalsiamu inaondolewa kwa kuongeza kalsiamu! Siri ni kwamba chokaa iliyozimwa inainyang'anya bikaboneti hewa yake ya ukaa, kazi ileile ya moto, na kalsiamu zote mbili, ya zamani na ya kuongezwa, zinashuka pamoja kama kaboneti. Inafanya kazi kwa ugumu wa muda tu, na kipimo ni lazima kiwe sahihi: ndoo yetu ingetaka gramu 3 hivi, na chokaa yoyote inayozidi inabaki majini na kuwa ugumu mpya. Kwa sababu hiyo ni kazi ya mitambo yenye watu wa kupima, sioni inavyofaa nyumbani.

Mtungi wa kulainishia unaofungwa kwenye bomba hauangushi chochote. Ndani umejaa punje ndogo za plastiki maalumu zenye chaji hasi, na kila chaji imeshikilia sodiamu. Maji yakipita, kalsiamu yenye chaji mbili inang'ang'ania punje kwa nguvu zaidi, na sodiamu mbili zinaachiwa kwa kila kalsiamu moja. Punje zikijaa kalsiamu mtungi umechoka, na dalili yake ni sabuni kuanza kukatika tena. Hapo unapitishwa maji ya chumvi nyingi. Sodiamu peke yake ni dhaifu, lakini ikija kwa wingi mkubwa inaisukuma kalsiamu itoke, na kalsiamu hiyo inakwenda na maji machafu. Matope na kutu huziba punje, kwa hiyo maji yachujwe kabla ya kufika mtungini.

Maji yanayotoka humo ni laini lakini si matupu. Maji yetu ya 300 yanatoka na sodiamu karibu miligramu 138 zaidi katika kila lita. Kwa kufulia na kuogea hilo si kitu. Kwa maziwa ya unga ya mtoto mchanga, au kwa mtu aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, ni vyema kuacha bomba moja lisilopitia mtungini. Kalsiamu na magnesiamu zenyewe hazina ubaya kwa mnywaji, na Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji.

Umebaki ukoko wa birika. Usiukwangue kwa kisu. Tia siki kiasi cha kuufunika, upashe moto kidogo, na utauona ukitoa mapovu madogo: ni hewa ya ukaa, ileile iliyokuwa imefungwa kwenye chokaa. Ukoko usiotoa mapovu hata kwa siki ya moto huenda ni wa jasi, na siki haitaufaa. Wa chokaa utayeyuka wote, maji yatabaki maangavu, na kalsiamu yote iliyokusanyika kwa majuma yale itakuwa imerudi kuwa ayoni ndani yake. Yamwage na usuuze birika mara mbili. Ukiyapeleka kwenye beseni la nguo, sabuni itakatika papo hapo.